Siri za afya za watoto wetu klabuni: maswali mnayoniuliza kila msimu

Mimi ni katibu wa klabu ya vijana hapa Dodoma, mpira wa miguu na netiboli, watoto wa miaka 11 mpaka 17. Kila Januari tukigawa fomu simu yangu haipumziki, wazazi wanauliza, makocha wanauliza, na juzi hata katibu mwenzangu wa Mpwapwa kapiga anauliza yale yale. Nimeona niyaandike yote sehemu moja.

Kwani kocha akijua mtoto anaumwa nini kuna ubaya gani? Si ndo mlezi wake uwanjani?

Hili ndo swali kubwa, nianze nalo. Misimu michache iliyopita tulikuwa na jedwali moja tu la kila kitu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, urefu, uzito, muda wa sprinti ya mita 30, halafu mwisho kabisa safu imeandikwa MAELEZO YA AFYA. Tulikuwa tunajiandaa kwenda kambi ya siku 5, mama mmoja akatuandikia kwa nia njema kabisa kwamba mwanae wa miaka 13 bado anakojoa kitandani, tumuamshe usiku. Tukaandika kwenye ile safu. Wiki hiyo hiyo kocha akapiga picha jedwali ili awaoneshe vijana matokeo ya sprinti, akatupia kwenye gurupu la wasap la timu, hakuangalia ile safu ya pembeni, na gurupu lina wazazi, vijana wenyewe, mpaka kaka zao.

Jumatatu mama kaja na jezi ya mtoto imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa. Akanipa mkononi. "Katibu, jezi yenu hii. Mtoto hataki hata kupita barabara hii." Hakugombana na mtu. Yule kijana hakurudi tena, na alikuwa beki mzuri.

Baada ya hapo tukakaa tukajiuliza, hivi kocha alihitaji nini hasa? Kocha hakuhitaji kujua lile tatizo. Mlezi wa kambi ndo alihitaji maneno matatu, "amshwe saa sita", basi. Toka siku hiyo kanuni yetu ni moja, kocha anaambiwa AFANYE NINI, haambiwi mtoto ANAUMWA NINI.

Mfano, tuna winga wa miaka 14, vipimo vya hospitali vinaonesha ni mbebaji wa selimundu. Si mgonjwa, kabeba tu kinasaba kimoja toka kwa mzazi mmoja, anaishi vizuri na anaruhusiwa kucheza. Lakini ukimkimbiza sana mfululizo bila kupumzika, kwenye jua la Dodoma la saa nane, maji hamna, inaweza kumletea shida kubwa ya misuli. Kwa hiyo kadi ya kocha imeandikwa hivi tu: maji kila baada ya dakika 15, mazoezi mazito yaongezwe taratibu hasa akitoka likizo, asipewe sprinti za adhabu, akisema miguu imeisha nguvu asimamishwe hapo hapo, asiambiwe anadeka, na kama hali haitulii apelekwe hospitali mara moja. Neno selimundu halipo kwenye kadi. Kocha kapata kila anachohitaji, na siri ya familia imebaki ya familia, maana mnajua wenyewe mitaani neno hilo likishatoka linafuata mtoto mpaka siku ya kuposa.

Na ukweli ni kwamba kadi ya namna hii inafanya kazi vizuri kuliko jina la ugonjwa. Ukimwambia kocha "huyu ana pumu" anaweza akamkalisha benchi msimu mzima kwa woga, au asijue afanye nini siku kifua kikibana. Ukimwandikia "pampu yake ya bluu iko mfuko wa mbele wa begi, avute dakika 15 kabla ya mazoezi kama daktari alivyomwelekeza, upepo wa vumbi ukizidi apumzike" anajua la kufanya.

Sasa mkiwa safarini Kondoa mtoto akazidiwa, daktari atajuaje?

Bahasha. Kila mtoto mwenye jambo la afya ana bahasha ya kaki, ndani kuna karatasi moja: ugonjwa, dawa anazotumia, dawa zinazomdhuru, namba mbili za simu za wazazi, na namba ya bima kama anayo. Mzazi anaifunga mwenyewe kwa gundi halafu anasaini juu ya mkunjo, nusu ya saini kwenye kifuniko nusu kwenye bahasha, kwa hiyo ikifunguliwa inajulikana. Bahasha zinakaa kwenye sanduku la huduma ya kwanza lenye kufuli, ufunguo anao mlezi wa safari. Inafunguliwa tu kama mtoto anapelekwa hospitali, anakabidhiwa daktari. Tukirudi salama mzazi anarudishiwa bahasha yake na anaangalia saini.

Mtoto akiwa hatarini hatusubiri mzazi apokee simu ndo tufungue. Uhai wake unatangulia, na sheria haituzuii kuokoa maisha. Lakini tunaandika nani kafungua, saa ngapi, na nani kasoma.

Sheria ya Tanzania inasemaje?

Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Watu wengi wanadhani inahusu benki na makampuni ya simu tu. Hapana, anayekusanya taarifa za watu na kuzitunza inamhusu, na klabu ya mtaani yenye jedwali la watoto 60 inakusanya na kutunza. Taarifa za afya na taarifa za watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, sisi tunabeba zote mbili kwa mkupuo. Taarifa nyeti zinahitaji ridhaa ya maandishi, na mtoto, ambaye kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ni yeyote chini ya miaka 18, anaridhiwa na mzazi au mlezi wake. Wakusanyaji wanatakiwa pia kujisajili kwenye Tume, kwa hiyo viongozi wa klabu msilisahau hilo mkidhani fomu peke yake inatosha.

Mbona fomu yenu ina sehemu nne za kusaini? Zamani tulisaini moja tu.

Zamani iliandikwa "nakubali mwanangu ajiunge na nakubali masharti yote ya klabu", mzazi anasaini amesimama getini, boda inamsubiri. Ile haikuwa ridhaa, maana hakujua anakubali nini, na akikataa kitu kimoja ni kama kakataa vyote, mtoto hachezi.

Sasa hivi kila jambo lina saini yake na lina kisanduku cha NDIYO na cha HAPANA. La kwanza ni taarifa za dharura, la pili ni vipimo vya uwezo kama urefu, uzito na sprinti, la tatu picha na video, la nne kuwapa watu wa nje kama klabu nyingine au skauti anayetafuta vipaji. Kitu pekee tunachosema bila hicho hatuwezi kumpokea mtoto ni namba ya simu ya mtu wa kumpigia na maelekezo ya usalama wake uwanjani. Hayo mengine matatu unaweza kuandika HAPANA yote na mtoto wako anacheza kama kawaida, anapangwa kama kawaida. Msimu uliopita wazazi 4 walikataa picha, watoto wao walicheza mechi zote, mpiga picha tu ndo aliambiwa.

Fomu ipeleke nyumbani, lala nayo. Hatupokei fomu iliyosainiwa getini.

Mtoto anaishi kwa bibi yake Nkuhungu, wazazi wako Singida. Nani asaini?

Anayemlea kila siku ndo mlezi, bibi anaweza kusaini. Ila kama mzazi yupo na anapatikana tunampigia, tunamsomea, na tunaandika kwenye fomu kwamba kapigiwa siku fulani. Shida inakuja pale mjomba anasaini la skauti, halafu baba anashtuka. Kwa hiyo la nne, la kupeleka taarifa nje, tunataka mzazi mwenyewe akiwepo duniani na anafikika.

Kama bibi hasomi, fomu inasomwa kwa sauti, na kama Kiswahili chake si kizuri tunatafuta mtu wa kumweleza kwa Kigogo au Kirangi, anaweka dole gumba, na shahidi anasaini pembeni. Shahidi asiwe kocha. Bibi hawezi kumwambia kocha hapana mbele ya uso wake wakati mjukuu anasubiri kupangwa, nani asiyejua.

Na mtoto mwenyewe haulizwi?

Anaulizwa. Saini yake haichukui nafasi ya mzazi, lakini kijana wa miaka 14 anaelewa vizuri sana ukimwambia "tunataka kukupima uzito na kuandika, atauona mwalimu na mimi tu, unaonaje?" Akisema hataki, hatupimi siku hiyo, tunaongea na mzazi taratibu. Wasichana wa netiboli ndo walitufundisha hili. Tulikuwa tunapima uzito wote wamepanga mstari, namba inatamkwa kwa sauti anaandika mwingine. Binti mmoja akawa hali mchana siku za kupima, tukagundua kwa sababu alianguka kwenye joto. Sasa hivi anaingia mmoja mmoja, anapima mlezi wa kike, namba haitamkwi.

Na hedhi haiandikwi kwenye daftari la klabu kabisa. Binti akitaka kufuatilia anaandika kwake, anamwambia mlezi wa kike "leo nipunguze" na inatosha, hakuna kuulizwa kwa nini.

Mbona fomu haiulizi kuhusu VVU? Si mnatakiwa kujua kwa usalama wa wengine?

Hatuulizi na hatutauliza. Damu ya mtoto yeyote ikitoka uwanjani tunavaa glovu, mchezaji anatoka, kidonda kinafunikwa, jezi yenye damu inabadilishwa ndo anarudi. Tunafanya hivyo kwa KILA mtoto, kwa hiyo hata tungejua hali ya mmoja hakuna kitu ambacho tungefanya tofauti. Taarifa ambayo haibadilishi utakachofanya haina sababu ya kuwa kwenye kabati lako. Na matokeo ya VVU ni siri kwa sheria ya mwaka 2008, si jambo la kulijadili na kocha msaidizi.

Kambini mtoto mwenye dawa za kila siku, ziwe za nini, mlezi anaambiwa tu "ana dawa saa tatu usiku, apewe maji na nafasi ya peke yake". Wapo wanaotumia za kifafa, wapo za kitu kingine, utaratibu ni ule ule kwa wote ili hata wenzao chumbani wasiwe na la kukisia.

Sisi tunatumia Google Sheets na safu ya afya tumeificha. Inatosha?

Haitoshi! Hili limewaponza wengi. Kuficha safu ni kupunguza tu msongamano machoni. Mtu uliyempa ruhusa ya kuangalia anaweza kutengeneza nakala yake, kwenye nakala hiyo yeye ndo mwenye mali, anaifichua safu na anasoma kila kitu. Dawa yake ni mafaili mawili tofauti kabisa. La uwezo uwanjani, makocha wanaliona. La afya liko peke yake, wanaliona watu wawili, kwetu ni mimi na mlezi wa afya, na makocha wanapewa zile kadi tu.

Halafu fungua sehemu ya `Share`, angalia chini pameandikwa nini. Kama ni `Anyone with the link`, yeyote atakayetumiwa hiyo linki anaingia hata kama hayuko klabuni, na linki huwa zinafowadiwa. Weka `Restricted` halafu mwongeze mtu mmoja mmoja kwa imeili yake. Kocha akiondoka klabuni, siku hiyo hiyo mtoe, maana kuna klabu nimekuta kocha aliyehama miaka miwili nyuma bado anasoma majeraha ya wachezaji wake wa zamani, na sasa hivi anawafundisha wapinzani.

Msidhani pia kufuta majina kunatosha. Ukiacha namba ya jezi na tarehe ya kuzaliwa kwenye timu ya watoto 22, kila mtu mtaani anajua ni nani. Na kama mnatumia kaunta buku ya kawaida hakuna aibu, kaunta buku kwenye kabati lenye kufuli ni salama kuliko faili ambalo liko kwenye simu 9.

Imeshavuja kwenye gurupu. Tufanyeje?

Futa kwanza, maswali baadaye. Wasap ina `Delete for everyone`, inafanya kazi kama siku mbili na nusu hivi toka ulipotuma, baada ya hapo huwezi. Lakini aliyekwisha kuisevu anayo, na kwenye simu nyingi picha inajisevu yenyewe kwenye galari, kwa hiyo usijidanganye kwamba imeisha. Andika ujumbe mfupi, "imetumwa picha kimakosa, naomba aliyeisevu aifute", na usitaje ilikuwa na nini wala ya nani. Kosa letu sisi lilikuwa hapo, tuliandika "tunaomba radhi kuhusu taarifa za afya za kijana wetu", na hata waliokuwa hawajaifungua wakaenda kutafuta.

Halafu nenda nyumbani kwa mzazi. Usipige simu, nenda, siku hiyo hiyo, kabla mtoto hajaenda shule akakutana nayo. Mweleze nini kimetoka, kimeonwa na watu wangapi, umefanya nini. Mwambie pia ana haki ya kulalamika kwenye Tume, usimfiche. Sisi tulichelewa siku tatu.

Muda wa sprinti nao ni siri? Si matokeo tu ya michezo?

Si siri kama ya ugonjwa, lakini namba ikitoka bila maelezo yake inadanganya. Chukua kijana wa miaka 13, Februari ana sentimita 152 na sprinti ya mita 30 sekunde 4.9, Juni ana 155 na sekunde 5.1. Ukisoma sprinti peke yake utasema kazembea. Ukisoma na urefu unaona anarefuka kwa kasi ya sentimita 9 kwa mwaka, ndo kipindi chake cha kuvimba magoti na kuchezacheza na miguu asiyoizoea, na akitulia kasi inarudi. Sasa ile 5.1 ukiibandika ukutani, au ukamtumia mtu bila ile 155, umemharibia kijana wa watu. Sisi kila mtoto anaoneshwa zake na mzazi wake anaoneshwa, hatubandiki orodha kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho.

Nikibadili mawazo?

Njoo useme, au tuma meseji. Hutakiwi kueleza sababu na hulipi chochote, sheria yenyewe inasema hivyo. Tunafuta kwenye faili, tunakurudishia karatasi zako, tunakuandikia tumefuta lini. Picha iliyokwisha kusambaa mtandaoni hatuwezi kuahidi kuirudisha yote, tunaondoa ya kwetu, ndo maana tunasema lala na fomu kwanza.

Skauti kaja, anataka ripoti nzima ya mtoto, anasema ana haraka.

Haraka ni yake. Hata kama ulisaini NDIYO kwenye la nne, tunakupigia kila mara anapokuja mtu mpya, tunakwambia anataka nini hasa. Anapewa vipimo vya uwezo na urefu wake, na mechi alizocheza. Historia ya afya haitoki klabuni kwetu, akiitaka mzazi atampeleka mtoto kwa daktari na mzazi ndo atakabidhi majibu. Kama taarifa zinaenda nje ya nchi hapo kuna masharti yake zaidi, hatutumi chochote mpaka uongozi ukae. Na mtu anayeomba cheti cha kuzaliwa, picha ya pasi na vipimo vya hospitali kwa wasap kabla hata hajamwona mtoto akicheza, usimtumie, nipigie kwanza.

Mtoto akiacha, au akifikisha miaka 18, zile taarifa zinaenda wapi?

Akiacha, bahasha na kadi zinarudi kwa mzazi ndani ya mwezi mmoja na mistari yake kwenye faili la afya inafutwa. Vipimo vya uwezo tunatunza misimu miwili kwa sababu wengine wanarudi, halafu vinafutwa pia. Huo muda tumejipangia wenyewe, sheria inachotaka ni usitunze kuliko unavyohitaji.

Akifikisha 18 ile saini ya mama imeisha kazi. Tunamwita mwenyewe, tunamfungulia faili lake lote, anasoma, anasema libaki lipi na lifutwe lipi, anasaini kwa jina lake. Mwaka jana mmoja alikaa mezani kwangu karibu saa nzima anasoma alivyokuwa akirefuka toka miaka 12. Vipimo akaomba kopi yake. Karatasi ya bahasha aliikunja akaitia mfukoni, na ile mistari ya afya akabonyeza kufuta mwenyewe.